Vigae Visiguswe

Mwalimu Girijamma hakumwamini mtu mpaka amhesabu mara mbili. Chaki alizihesabu jioni akifunga kabati, na asubuhi akifungua alizihesabu tena, kana kwamba zingeweza kuota miguu zikatoroka. Kempamma, mpishi wa shule, alimzoea. Alikuwa akimwambia mbele ya masufuria, "Mwalimu, wewe kivuli chako kikikutangulia unakiuliza kinakwenda wapi."

"Na kisiponijibu nakishika," alijibu Girijamma.

Hakuzaliwa hivyo. Miaka ishirini na miwili nyuma, mtu asiyejulikana aliandika barua ofisi ya elimu, akadai kwamba Mwalimu Girijamma hulala darasani. Kwa barua hiyo alihamishwa hadi shule moja ya milimani, akakaa huko miaka tisa. Mama yake aliugua na kufa huku nyuma, yeye akafika siku ya pili. Aliyeandika hakujulikana. Girijamma aliporudishwa shule ya Hosakere, kila mwalimu mwenzake alikuwa na sura ya mwandishi wa barua ile, na kila aliyemchekea alimfanya ajiulize anachekea nini.

Sasa alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Shule ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza, nyuma yake mipopoo, mbele yake ua wa saruji. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto kumi na mmoja wa miaka sita. Wengine wa umri wao walipita barabarani kila asubuhi ndani ya basi la njano la shule ya kulipia ya mjini, wamevaa tai, wakiwapungia wenzao mikono. Kila mwaka basi lile lilijaa zaidi na ua wa Hosakere ulizidi kuwa mtupu.

Mwezi wa saba, mvua zikiwa zimeanza, ofisi ilimleta mwalimu wa mkataba aitwaye Nagaveni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye maua ya asimini nywelani na mdomo usiotulia. Wiki ya pili alikuja na makopo mawili ya rangi. Siku jua lilipokausha saruji, alipiga magoti kutwa nzima akachora vyumba ishirini na kimoja kwa safu moja iliyonyooka, kutoka ukuta wa choo mpaka karibu na bomba la maji. Cha kwanza alikiandika sufuri, cha mwisho ishirini. Chumba cha kumi na cha ishirini alivipaka buluu, vingine njano.

"Rangi umepata wapi?" Girijamma aliuliza.

"Nimenunua, Akka." Akka ni dada mkubwa, ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza, bila kuombwa.

"Kwa mshahara wako mwenyewe? Wa mkataba?"

"Zilibaki kidogo za mjomba, nyingine nimenunua. Watoto wanacheza kuruka vyumba kila siku, nikaona tuwape hesabu humo humo."

Girijamma aliguna. Mtu anayetoa chake bila kutumwa, aliwaza, kuna anachokitafuta.

Lakini mchezo ulikuwa mtamu, hilo hakuweza kulikana. Mwalimu anataja hesabu: sita ongeza tano. Mtoto anatupa kigae chake katika chumba cha sita, anakwenda kusimama hapo hapo, kisha anaruka mbele mara tano huku wenzake wakihesabu kwa sauti. Chumba anachosimama hakihesabiwi; kuhesabu kunaanza anaporuka kwenda cha saba. Saba, moja! Nane, mbili! Tisa, tatu! Anatua kumi na moja, anasoma namba iliyo chini ya miguu yake, anaokota kigae, anampisha mwingine, kisha anaiandika daftarini. Kutoa ni kinyumenyume: kumi na tano toa sita, unaanzia kumi na tano, unarudi nyuma mara sita, unatua tisa. Watoto waliokuwa wakilia wakipewa kalamu sasa walilia wakiambiwa zamu imekwisha.

Bhumika, mtoto mwenye mapengo mawili mbele, ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Nyanya yake alikuwa akicheza naye nyumbani mchezo wenyewe wa zamani, ule wa kuruka kwa mguu mmoja, na kumfundisha sheria zake zote kama anayerithisha shamba.

Wiki ya tatu, Girijamma akiwa kibarazani, alimwona mtoto mmoja, Lokesha, akisogeza kigae chake kwa kidole cha mguu kutoka saba kwenda nane, akijifanya anajikuna.

"Ahaa!" Alishuka ngazi mbili mbili. "Nani amewafundisha kuiba namba?"

"Mwalimu, kigae kiliteleza."

"Kigae kina miguu? Sikilizeni nyote. Kuanzia leo, ukishatupa kigae, kigae hicho kisiguswe! Kikae hapo hapo mpaka kila mtu amalize, nije nikague mwenyewe aliyeanzia wapi na aliyefika wapi. Atakayegusa atapiga magoti."

Nagaveni alifungua mdomo. "Akka, ni watoto tu, huyo Lokesha ni mtundu wa..."

"Mtundu huanza na kigae, mwanangu. Humalizia na nini, hujui."

Basi ikawa sheria. Watoto walitupa vigae, vigae vikabaki. Girijamma alipita na daftari, akaandika.

Hapo ndipo makosa yalipoanza.

Siku ya kwanza aliona mawili, akanyamaza. Siku ya pili matano. Sita ongeza tano, mtoto kaandika kumi na mbili. Kumi na tano toa sita, kaandika nane. Saba ongeza sita, kumi na tano! Na watoto wenyewe ni wale wale waliokuwa wakipata wiki iliyopita. Girijamma alitoa kijidaftari akaanza kuweka kumbukumbu: tarehe, jina, hesabu, jibu. Akaona jambo la ajabu. Katika kuongeza, jibu la kosa lilizidi, halikupungua kamwe. Katika kutoa, jibu la kosa lilipungua, halikuzidi kamwe. Kosa la bahati mbaya huyumba huku na huku. Hili lilikuwa kosa lenye nidhamu, na kosa lenye nidhamu lina mwalimu wake.

Alipima vyumba kwa kijiti watoto wakiwa kwenye chakula. Vyote sawa. Alizisoma namba kutoka sufuri mpaka ishirini akizigusa moja moja kwa kidole. Hakuna iliyorukwa, hakuna iliyorudiwa.

"Umepoteza pete?" Kempamma alimwuliza, mwiko mkononi.

"Natafuta mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa jibu," alisema Girijamma, akanyanyuka huku magoti yakilia.

Akamwita Bhumika peke yake. "Nane ongeza tano." Mtoto akatupa kigae, akaruka, akatua kumi na tatu. Sawasawa. Akamwita Lokesha, naye peke yake: sawasawa. Akawapa mbegu za ukwaju darasani wahesabie mezani: wote sawasawa. Lakini kesho yake Nagaveni alipowapanga foleni uani, Bhumika yule yule, nane ongeza tano ile ile, alipata kumi na nne.

Kulikuwa na jingine. Ijumaa Girijamma aliitwa kwenye mkutano wa walimu mjini, akashinda huko akiwaza kijidaftari chake. Jumatatu alipoyakagua madaftari ya Ijumaa, hakukuta kosa hata moja. Wakati yeye hayupo, watoto wanapata. Akiwepo, wanakosa. Ikamjia kama maji ya baridi mgongoni: msichana huyu anawafundisha vibaya makusudi, aonekane yeye, mzee, ndiye anayewaharibu.

Na kwa nini afanye hivyo? Jibu alilipata Jumatano kituoni. Nagaveni alikuwa amesimama kando ya lile basi la njano, akizungumza na karani wa shule ya kulipia. Karani akampa bahasha. Nagaveni akaitia ndani ya mkoba upesi, akatazama huku na huku.

Kikulacho ki nguoni mwako, Girijamma aliwaza. Wanataka watoto wetu kumi na mmoja. Wanamlipa awafanye wajinga, wazazi wakate tamaa, basi lijae.

Usiku ule hakula. Aliketi mezani akaandika barua kwa ofisi ya elimu. Aliandika kwamba mwalimu wa mkataba Nagaveni anafundisha hesabu zisizo sahihi kwa watoto wa darasa la kwanza, na kwamba ushahidi upo. Alipofika mahali pa jina lake alisita. Kalamu ilining'inia hewani. Akakumbuka barua ile nyingine, isiyo na jina. Akaandika jina lake lote na la baba yake, akapiga mstari chini. Angalau hilo, alijiambia, mimi sijifichi.

Asubuhi hakuweza kuvumilia. Alimkabili Nagaveni jikoni, mbele ya Kempamma aliyekuwa akifinyanga mabonge ya ugali wa ulezi.

"Bahasha ya jana ina nini?"

Nagaveni aliganda. "Bahasha gani?"

"Usinichezee. Ya karani wa basi la njano."

"Wameniita kazini, Akka." Sauti ilikuwa ndogo. "Wametaka jibu kufikia mwisho wa mwezi. Sikutaka mtu ajue kwa sababu bado sijaamua."

"Na kazi ya kuanzia ndiyo hii? Kuwafundisha watoto wetu kwamba nane na tano ni kumi na nne?"

"Mimi?" Nagaveni alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Mimi nimepiga magoti kwenye saruji kutwa nzima, magoti yameniota malengelenge, ili niwafundishe uongo? Akka, una akili wewe? Mimi pia naona makosa! Nalala naona makosa! Nimeshindwa kujua yanatoka wapi."

"Ijumaa yalikuwa wapi? Mbona siku nisiyokuwepo yalikwenda likizo?"

Machozi yalimlengalenga Nagaveni, akayafuta kwa kiganja kwa hasira, akatoka.

Kempamma aliendelea kufinyanga. "Mwalimu," alisema, "mtu mwenye hatia hujitetea vizuri kuliko huyo."

"Wewe pika," alisema Girijamma. Lakini neno lile lilimkaa.

Barua aliituma siku ile ile, nayo haikuchelewa. Alhamisi iliyofuata mkaguzi aliwasili kwa pikipiki, Bwana Halappa, mtu mnene mwenye kalamu mbili mfukoni na muda mchache. Alisalimia, akakataa chai, akatoa barua ya Girijamma akaisoma kwa sauti hapo hapo kibarazani. Nagaveni alisikiliza mpaka mwisho, na jina liliposomwa hakumtazama Girijamma. Alitazama vyumba vyake vya njano.

"Haya," alisema Halappa. "Mambo ya hesabu hayahitaji mashahidi. Mwalimu Nagaveni, fundisha kama unavyofundisha siku zote. Mimi nitatazama."

"Kama siku zote, bwana?"

"Kama siku zote. Usibadilishe kitu."

Watoto wakapangwa. Wa kwanza alikuwa Lokesha: kumi ongeza tatu. Alitupa kigae katika chumba cha kumi, akaruka, akatua kumi na tatu. Sawa. Halappa akaandika. Lokesha akatoka kwenye mstari, mikono nyuma, kigae chake kikabaki kilipo, kama sheria ilivyosema. Girijamma alisimama karibu na bomba, mwisho wa mstari, akitazama uso wa Nagaveni. Alitaka kumwona akikonyeza, akikohoa, akitoa ishara yoyote. Hakuona kitu ila msichana aliyekunja mikono kwa nguvu.

"Bhumika," alisema Nagaveni. "Nane ongeza tano."

Kigae cha Bhumika kilitua nane. Akaenda kusimama hapo. Wenzake wakaanza kuhesabu.

"Moja!" Tisa.

"Mbili!" Mtoto akajikunja kama panzi, akaruka kwa nguvu kuliko mara zote, akatua kumi na moja.

"Tatu!" Kumi na mbili. "Nne!" Kumi na tatu. "Tano!"

"Kumi na nne!" alisoma Bhumika, akatabasamu kwa mapengo yote.

Halappa akatikisa kichwa, akaandika. "Basi. Ni kama barua inavyosema."

Girijamma hakumsikia. Macho yake, kwa mara ya kwanza, hayakuwa kwenye uso wa mtu. Yalikuwa kwenye miguu. Alimsogelea Bhumika, akainama, magoti yakalia.

"Bibi weye," alisema polepole, "mbona umekiruka chumba cha kumi?"

Mtoto alimtazama kama anayeulizwa kwa nini maji ni maji. "Kuna kigae cha Lokesha."

"Kwa hiyo?"

"Chumba chenye kigae cha mtu hakikanyagwi, Mwalimu. Ukikanyaga umekufa. Nyanya alisema." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, ili kumsaidia mzee asiyejua: "Kila mtu anajua."

Na kweli kila mtu alijua. Girijamma mwenyewe alijua. Alikuwa msichana mdogo nyuma ya hekalu la kijiji chao, akiruka kwa mguu mmoja, na chumba chenye kigae cha mwenzake alikipita juu kwa juu kama moto. Alisahau lini?

Yote yakajipanga kichwani bila kuombwa. Mtoto akiwa peke yake, hakuna kigae cha mwingine njiani, anapata. Foleni ikiwa ndefu, vigae vinalala mstarini, kila kigae kinakula chumba kimoja. Kimoja njiani, jibu linapita mbele kwa moja. Viwili njiani, kwa mawili. Saba ongeza sita, kumi na tano. Katika kutoa ni vile vile kwa nyuma. Na Ijumaa, yeye akiwa mkutanoni, Nagaveni aliwaacha watoto waokote vigae vyao kama zamani.

Hakuna aliyewafundisha uongo. Watoto walitii sheria mbili kwa pamoja, ya nyanya na ya Mwalimu Girijamma.

Aliinua macho. Hakuna aliyekuwa amemsikia mtoto. Halappa alikuwa akifunika kalamu. Nagaveni alikuwa amegeukia ukuta. Kempamma alikuwa mlangoni mwa jiko, mbali. Girijamma alisimama pale na jambo lile mdomoni, na kwa kitambo alilishikilia. Alifikiri miezi yake iliyobaki. Alifikiri jina lake lililopigiwa mstari. Angeweza kesho kuondoa vigae kimyakimya, makosa yakaisha, na msichana angekuwa ameshakwenda kwa basi lake la njano, ambako pengine angekuwa na raha zaidi. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Akajiuliza kama yule mtu wa miaka ishirini na miwili nyuma naye aliona ni rahisi hivi.

"Bwana mkaguzi," alisema. "Usifunge daftari."

"Mama, nina shule nyingine mbili leo."

"Mtoto hajakosa. Mwalimu wake hajakosa. Nimekosa mimi." Sauti ilimtoka kavu. "Mimi ndiye niliyeamuru vigae visiguswe. Niliogopa wataiba. Watoto hawakanyagi chumba chenye kigae cha mtu, ndiyo sheria ya mchezo, hata wewe uliucheza. Kwa hiyo wanakiruka, na wakikiruka hesabu inapotea. Tazama."

Akaokota kigae cha Lokesha kwa mkono wake. "Bhumika, rudi nane. Tano tena."

Mtoto akarudi. Moja, tisa. Mbili, kumi. Tatu, nne, tano. "Kumi na tatu!"

Halappa alitazama saruji, akamtazama Girijamma, akatazama barua. "Sasa hii nifanye nini?"

"Andika kama nilivyosema."

"Nikiandika, Mama, itaingia kwenye faili lako. Shutuma ya uongo dhidi ya mwalimu mwenzio. Na umebakiza miezi sita."

"Nimebakiza sita na siku kumi na moja," alisema Girijamma. "Andika."

Akaandika. Pikipiki ilipoondoka, watoto walikuwa wameshaanza kucheza wenyewe, wakigombania zamu. Girijamma alimfuata Nagaveni penye ukuta.

"Mwanangu."

"Usiniite mwanangu leo." Nagaveni hakugeuka. "Umeliandika jina langu kwenye karatasi ya serikali, Akka. Nimesomwa kama mwizi mbele ya watoto."

"Nimefanya."

"Ungeniuliza tu. Tungekaa wote wawili tukawatazama watoto miguu, siku moja tu."

"Sikujua kutazama miguu," alisema Girijamma. "Nimezoea kutazama nyuso."

Nagaveni akaenda kuwapanga watoto, na siku ile hawakusemezana tena.

Kwa wiki tatu hawakunywa chai pamoja. Kempamma alipeleka vikombe viwili sehemu mbili, akinung'unika kwamba yeye si tarishi. Girijamma hakusema "nimekosa" mara ya pili. Aliamini maneno yakirudiwa hunuka. Badala yake, kila asubuhi kabla ya watoto kuja, aliufagia mstari majani ya mipopoo, na ua uliposhika utelezi wa mvua aliusugua kwa ufagio wa chelewa mpaka namba zikang'aa. Chaki aliendelea kuzihesabu, lakini mara moja tu.

Mwisho wa mwezi ulifika. Asubuhi ile basi la njano lilisimama kituoni muda mrefu kuliko kawaida, kisha likaondoka. Girijamma alikuwa uani na ufagio. Nagaveni alipita langoni, asimini nywelani, akaweka mkoba kibarazani.

"Umewajibu nini?" Girijamma aliuliza, kisha akajuta kuuliza.

"Nimewaambia mwaka ujao. Labda." Akavua viatu akausogelea mstari. "Nataka hawa kumi na mmoja wavuke ishirini kwanza. Wewe utakuwa umestaafu, sitakuwa na wa kunisumbua."

Lilikuwa neno kali, lakini alilisema akimtazama usoni.

Kengele ililia, watoto wakamiminika. Nagaveni akamwonyesha Girijamma kwa kidevu upande wa pili wa mstari, penye bomba, mahali pa kusimama mtu anayepokea.

"Simama pale, Akka. Wewe taja za kutoa, mimi nataja za kuongeza."

Girijamma akaegemeza ufagio ukutani, akaenda.

"Lokesha," aliita. "Kumi na saba toa tisa. Na kigae ukimaliza, ukiokote!"